Siku ya Mwisho ya Mwezi Inapotelea Wapi?

Kila pampu ya mafuta ina mita mbili. Ya kwanza ni ile anayoitazama mteja, inayorudi sifuri kila gari jipya linapofika. Ya pili ni mita ya jumla: hupanda tu tangu pampu ilipofungwa, na mhudumu hana uwezo wa kuirudisha nyuma. Mhasibu wa kituo huisoma mwanzo wa mwezi, akaisoma tena mwisho wa mwezi, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo lita zilizotoka. Kwa sababu hiyo kituo cha mafuta ni mahali pazuri pa kuelezea kosa la kompyuta ambalo kwenye biashara nyingine linaweza kukaa miaka bila kuonekana. Kituo kina shahidi wa pili. Duka la nguo, zahanati au ofisi ya mikopo mara nyingi haina.

Tuchukue mfano wa kituo kilichopo kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, kinachofanya kazi usiku na mchana. Zamu zinabadilishana saa sita usiku, na hapo ndipo mita zinasomwa. Kwa mwezi wa Juni 2025 mita za jumla zinaonyesha zimetoka lita 121,400. Ripoti ya mwezi iliyotolewa na mfumo wa mauzo inaonyesha lita 117,260. Zimepungua lita 4,140. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi kituoni anajua kinachofuata: mtu wa kwanza kuangaliwa kwa jicho baya ni mhudumu wa pampu. Ataulizwa alimwuzia nani bila risiti, na huenda mshahara wake ukaguswa.

Lakini risiti zote zipo. Kila lita iliyouzwa imeandikwa kwenye hifadhidata, na hakuna rekodi iliyofutwa. Kilichokosewa ni mstari mmoja wa swali ambalo ripoti huiuliza hifadhidata kila inapochapishwa:

```sql
SELECT SUM(lita)
FROM mauzo
WHERE muda BETWEEN '2025-06-01' AND '2025-06-30';
```

Hata asiyejua lugha ya hifadhidata anaweza kuusoma. Jumlisha lita kutoka jedwali la mauzo, pale ambapo muda wa mauzo uko kati ya tarehe 1 Juni na tarehe 30 Juni. Juni ina siku 30, na tarehe zote mbili zimetajwa. Swali linaonekana sahihi kabisa, na hifadhidata hailalamiki. Inaleta jumla, jumla inachapishwa, na siku nzima ya tarehe 30, isipokuwa chembe yake ya kwanza, haimo.

Ili tuone ilikokwenda, tutazame risiti sita zilizo kwenye mpaka wa mwezi. Nimechagua chache ili hesabu ifuatike kwa macho.

```text
risiti | muda                    | lita
9871   | 2025-06-29 23:58:41.205 |  20
9872   | 2025-06-30 00:00:00.000 |  15
9873   | 2025-06-30 00:07:19.662 |  40
9940   | 2025-06-30 13:25:50.118 | 120
9988   | 2025-06-30 23:59:59.480 |  30
9989   | 2025-07-01 00:00:00.000 |  25
```

Safuwima ya `muda` haibebi tarehe peke yake. Inabeba mhuri wa muda: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, na hata vipande vya sekunde. Risiti namba 9940 ni ya saa saba na dakika ishirini na tano mchana. Kwa mashine, siku huanza saa sita kamili usiku, nayo huiandika 00:00:00. Haijui kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, wala kwamba kwa mapokeo ya pwani siku huingia jua linapotua.

Sasa swali letu limeilinganisha safuwima hiyo na '2025-06-30', ambayo haina saa. Hifadhidata haiwezi kulinganisha mhuri kamili na tarehe tupu mpaka vitu hivyo viwe vya aina moja, kwa hiyo inaijaza tarehe nafasi zilizokosekana, na inazijaza kwa sifuri. '2025-06-30' inakuwa '2025-06-30 00:00:00'. Ukomo wa mwisho wa swali si mwisho wa tarehe 30. Ni pale siku hiyo inapoanza.

Hapa wengi huilaumu `BETWEEN` kwa kosa lisilo lake. Husemwa kwamba haihesabu ukomo wa pili. Sivyo. `BETWEEN` inahesabu kingo zote mbili, na maana yake ni hii tu:

```sql
WHERE muda >= '2025-06-01 00:00:00'
  AND muda <= '2025-06-30 00:00:00'
```

Risiti 9872, iliyotoka saa sita kamili usiku bila hata chembe ya sekunde kuzidi, imehesabiwa. Risiti 9873, iliyotoka dakika saba baadaye, imeachwa. Katika risiti zetu sita, tano ni za Juni na jumla yake ni lita 225. Swali linaleta lita 35.

Tarehe ni kipande cha muda chenye urefu wa saa 24. Mhuri wa muda ni nukta. Fikiria nguzo za kilometa kando ya barabara: ukimwambia dereva asimame kwenye nguzo ya 30, atasimama pale nguzo ilipochimbiwa, hataendelea hadi mwisho wa kilometa inayofuata nguzo hiyo. Tunaposema "hadi tarehe 30" sisi kwa sisi, tunakubaliana bila kutamka kwamba siku hiyo yote imo. Hifadhidata haimo kwenye makubaliano hayo.

Jambo hili si la programu moja. PostgreSQL, MySQL na SQL Server zote hufanya hivyo. Oracle ina mtego wa ziada, kwa sababu aina yake ya data iitwayo `DATE` hubeba pia saa, dakika na sekunde, hivyo mtu anaweza kuamini ana tarehe tupu kumbe hana. SQLite, ambayo imo ndani ya simu nyingi, mara nyingi huhifadhi muda kama maandishi na kuyalinganisha herufi kwa herufi. Huko '2025-06-30 00:00:00' ni maandishi marefu kuliko '2025-06-30', kwa hiyo yanahesabiwa kuwa makubwa zaidi, na hata risiti ya saa sita kamili usiku inaachwa nje. Tarehe 30 yote inakosekana.

Kinachonisumbua katika kosa hili ni jinsi linavyopita kila kizuizi tulichoweka ili kukamata makosa. Mtengeneza programu anapojaribu ripoti yake, huingiza data za majaribio kwa mkono, na kwa kawaida huandika tarehe bila saa. Rekodi zake zote zinakaa kwenye 00:00:00, ikiwamo ile ya tarehe 30, na `BETWEEN` inazileta zote. Jaribio linafaulu. Hali ni hiyo hiyo kwa data za zamani zilizohamishwa kutoka Excel zikiwa na tarehe tu. Ripoti za miaka ya nyuma zinatoka sawasawa, na zile za tangu mfumo mpya uanze zinapungua. Wakati mwingine swali lilikuwa sahihi siku lilipoandikwa, kwa sababu safuwima ilikuwa ya tarehe tupu. Miaka miwili baadaye mtu akaibadilisha ili ibebe na saa, jambo la busara kabisa, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna ripoti arobaini zinazoitegemea.

Halafu kuna ukubwa wa pengo. Ukiomba ripoti ya siku moja kwa kuandika tarehe 30 hadi tarehe 30, unapata karibu sifuri, na kila mtu anashtuka. Ripoti ya wiki inapoteza siku moja kati ya saba, yaani karibu asilimia 14, na mtu makini ataona. Ripoti ya mwezi inapoteza takriban asilimia 3.3. Ya mwaka inapoteza asilimia 0.27. Kadiri kipindi kinavyokuwa kirefu, ndivyo pengo linavyofanana na kushuka kwa kawaida kwa biashara. Meneja anayeona mauzo yamepungua asilimia tatu atasema mwezi ulikuwa mgumu. Na mahali ambapo watu hulipwa mishahara mwisho wa mwezi, siku inayopotea huenda ndiyo iliyokuwa na mauzo makubwa kuliko zote.

Tarehe 30 Juni ina uzito mwingine kwetu. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, hufungwa siku hiyo. Mfumo wowote unaotoa ripoti ya mwaka wa fedha kwa `BETWEEN` na tarehe tupu unaiacha nje siku ambayo ofisi nyingi zinakimbizana kukamilisha malipo kabla kipindi hakijafungwa. Asilimia 0.27 ni wastani wa siku. Siku hiyo si ya wastani.

Mara kosa linapogunduliwa, marekebisho ya kwanza yanayomjia karibu kila mtu ni kuandika mwisho wa siku waziwazi:

```sql
WHERE muda BETWEEN '2025-06-01 00:00:00'
               AND '2025-06-30 23:59:59'
```

Ripoti inapanda ghafla, mita na mfumo vinakaribiana, na watu wanarudi kwenye kazi zao. Ila tazama tena risiti 9988. Ilitoka 23:59:59.480, karibu nusu sekunde baada ya ukomo mpya. Haimo. Jumla yetu sasa ni lita 195 badala ya 225. Kati ya 23:59:59 na saa sita kamili kuna sekunde nzima iliyoachwa wazi, na mfumo unaorekodi vipande vya sekunde utaangusha rekodi humo mara moja moja. Hili ni baya kuliko kosa la awali kwa namna moja: sasa tofauti ni ndogo mno na hutokea miezi michache tu, kwa hiyo hakuna mwenye subira ya kuifuatilia. Kwa kampuni inayopokea mamia ya miamala kila sekunde, sekunde hiyo moja si ndogo hata kidogo.

Basi mtu anaongeza tarakimu: 23:59:59.999. Hapa majibu yanategemea hifadhidata gani unatumia, na hilo lenyewe linatosha kuiacha njia hii. PostgreSQL hurekodi hadi sehemu ya milioni ya sekunde, kwa hiyo tarakimu tatu bado zinaacha upenyo. Aina ya zamani ya SQL Server iitwayo `datetime` haihifadhi kila sehemu ya elfu ya sekunde. Inaruka kwa hatua zinazoishia na .000, .003 na .007. Ukiiandikia .999 inakosa pa kuiweka, inaisogeza hadi thamani iliyo karibu, nayo ni saa sita kamili usiku wa tarehe 1 Julai. Ukomo wako umevuka mwezi bila wewe kuugusa, na risiti 9989 ya Julai imeingia Juni. Ndiyo maana kwenye programu za zamani utakuta watu wameandika 23:59:59.997, namba inayoonekana ya ajabu mpaka uijue historia yake. Siku safuwima hiyo itakapobadilishwa kuwa `datetime2`, ambayo ni makini zaidi, .997 nayo itaanza kuangusha rekodi.

Wengine husogeza ukomo hadi '2025-07-01' huku wakiiacha `BETWEEN` mahali pake. Kwa kuwa `BETWEEN` inahesabu kingo zote mbili, kila rekodi iliyo saa sita kamili ya tarehe 1 Julai inaingia kwenye ripoti ya Juni na tena kwenye ripoti ya Julai. Jumla ya mfano wetu inakuwa lita 250. Mtu anaweza kudhani ni nadra rekodi kuangukia nukta hiyo hasa. Sivyo, kwa sababu kazi za kujiendesha zenyewe kama kutoza riba, kufunga hesabu au kuhuisha vifurushi hupangwa mara nyingi zianze saa sita kamili usiku, na data zilizoingizwa kwa tarehe tupu zote hukaa hapo. Nukta hiyo ni miongoni mwa zile zenye msongamano mkubwa kuliko zote.

Kuna njia moja inayoleta jibu sahihi lakini kwa gharama. Ni kuiondoa saa kwenye safuwima kabla ya kulinganisha:

```sql
WHERE CAST(muda AS date)
      BETWEEN '2025-06-01' AND '2025-06-30'
```

Hapa kila mhuri unageuzwa kuwa tarehe, na tarehe dhidi ya tarehe `BETWEEN` inafanya kazi vizuri. Tatizo liko kwenye faharasa. Hifadhidata hutunza faharasa ya safuwima ili iweze kuruka moja kwa moja hadi mahali Juni inapoanza bila kusoma yote yaliyotangulia. Faharasa hiyo imepangwa kwa thamani za `muda`, si kwa kile kinachotokea baada ya kuzigeuza. Katika PostgreSQL na MySQL, ukiifunika safuwima kwa kitendo kama hicho, faharasa ya kawaida haitumiki, na hifadhidata inalazimika kupitia rekodi zote tangu kituo kilipofunguliwa, ikigeuza moja moja. SQL Server ina ujanja wake kwa ugeuzaji huu mahsusi na huweza kuendelea kutumia faharasa, lakini si busara kujenga mazoea juu ya upendeleo wa programu moja. Kwenye jedwali la rekodi elfu kumi hutaona tofauti. Kwenye jedwali la milioni mia moja, utaiona.

Njia iliyo sahihi haihitaji kujua siku inaisha lini. Inaacha kabisa kuutafuta mwisho, na badala yake inataja mwanzo wa kile kinachofuata:

```sql
WHERE muda >= '2025-06-01'
  AND muda <  '2025-07-01'
```

Chukua kila kilichotokea kuanzia saa sita usiku ya tarehe 1 Juni, ikiwamo nukta hiyo yenyewe, na usimame kabla ya saa sita usiku ya tarehe 1 Julai, bila kuigusa. Upande wa mwanzo umefungwa, upande wa mwisho uko wazi, ndiyo maana naita kipindi cha namna hii nusu-wazi. Pitisha risiti zetu sita. 9871 imo. 9872 imo. 9873 na 9940 zimo. 9988, ile ya nusu sekunde, imo, na ingekuwamo hata kama ingetoka sehemu ya bilioni ya sekunde kabla ya saa sita, kwa sababu chochote kilicho kidogo kuliko mwanzo wa Julai ni Juni. 9989 iko nje, na itakutwa na ripoti ya Julai, mara moja tu. Jumla ni lita 225.

Ona kwamba ule udhaifu wa mwanzo, yaani tarehe tupu kujazwa sifuri, umegeuka kuwa ndio tunaoutaka. '2025-07-01' inakuwa saa sita kamili usiku, na hapo hasa ndipo tunapotaka mpaka uwe. Safuwima haijafunikwa na kitu, kwa hiyo faharasa inafanya kazi. Swali halijali kama hifadhidata inarekodi sekunde nzima au vipande vyake, wala halitabadilika siku mfumo ukihamishwa. Na halijali Februari. Aliyezoea kuandika mwisho wa mwezi lazima ajue kama mwaka ni mrefu, na 2028 utakapofika atalazimika kukumbuka tarehe 29. Anayeandika "kabla ya tarehe 1 Machi" hana hesabu ya kufanya.

Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi aliyepata Tuzo ya Turing mwaka 1972, alilieleza wazo hili kwa namba za kawaida katika waraka mfupi alioupa namba EWD831, wa Agosti 1982. Alichukua mfuatano wa 2 hadi 12 na kuonyesha kwamba unaweza kuandikwa kwa namna nne, kutegemea ukingo upi unauhesabu na upi unauacha. Namna inayohesabu mwanzo na kuacha mwisho ina sifa mbili. Ukitoa mwanzo kwenye mwisho unapata idadi kamili: 13 kutoa 2 ni 11, na ndivyo namba zilivyo. Pia mifuatano miwili inapofuatana, mwisho wa wa kwanza ni mwanzo wa wa pili, bila kuongeza wala kupunguza. Alikumbusha kwamba watumiaji wa lugha ya programu iitwayo Mesa, huko Xerox PARC, walikuwa na uwezo wa kuandika namna zote nne, na uzoefu wao ukaonyesha kwamba nyingine tatu ziliwazalishia makosa.

Sifa hiyo ya pili ndiyo inayotugusa zaidi hapa. Juni inakoma '2025-07-01', Julai inaanza '2025-07-01'. Kila rekodi ina mwezi mmoja tu. Hakuna inayoanguka katikati na hakuna inayohesabiwa mara mbili, kwa hiyo ripoti za miezi 12 zikijumlishwa zinatoa mwaka uleule. Waliotunga kiwango cha SQL cha mwaka 2011 walipoongeza vipindi vya muda, walichagua umbo hili: mwanzo unahesabiwa, mwisho hauhesabiwi. PostgreSQL nayo, katika aina zake za data za vipindi, hulichukulia hivyo usipotamka vinginevyo.

Kwenye skrini ya mtumiaji hakuna haja ya kubadilisha chochote, na ningeshauri pasibadilishwe. Meneja anapochagua "kuanzia 1 Juni hadi 30 Juni", anasema anavyosema kila mtu, na hapaswi kufundishwa kuandika tarehe 1 Julai. Kazi ya kuongeza siku moja ni ya programu, nayo inafanyika mahali pamoja tu:

```sql
WHERE muda >= CAST(:kuanzia AS date)
  AND muda <  CAST(:hadi AS date) + INTERVAL '1 day'
```

Mpaka wenyewe si lazima uwe saa sita usiku. Kama kituo kingebadilisha zamu saa kumi na mbili asubuhi, na mita zikasomwa saa hiyo, kipindi cha mwezi kingeandikwa kuanzia '2025-06-01 06:00' hadi kabla ya '2025-07-01 06:00', na mambo yakawa yaleyale.

Lipo jambo moja ambalo kipindi nusu-wazi hakilitatui, nalo ni swali la saa sita ya wapi. Mifumo mingi hukaa kwenye kompyuta zilizopangwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Hapo '2025-06-01' inaeleweka kuwa saa sita usiku ya UTC, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Malori yaliyojaza mafuta kati ya saa sita na saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni yataandikwa Mei, na ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai yataandikwa Juni. Jumla inaweza kukaribiana sana na mita, kwa sababu kinachotoka upande mmoja kinaingia upande mwingine, na bado si sahihi. Kama safuwima ni ya aina ya `timestamptz` ya PostgreSQL, mpaka unatamkwa pamoja na ukanda wake wa saa:

```sql
WHERE muda >= '2025-06-01 00:00:00+03'
  AND muda <  '2025-07-01 00:00:00+03'
```

Kwetu +03 inatosha, kwa kuwa hatubadilishi saa kati ya majira. Msomaji anayetunza mfumo wa biashara iliyoko London au Toronto ana la zaidi la kuangalia. Tarehe 30 Machi 2025 Uingereza ilisogeza saa mbele, na siku hiyo ikawa na saa 23. Anayepata mwisho wa siku kwa kuongeza saa 24 atakuwa amevuka mpaka kwa saa moja. Inaongezwa siku moja ya kalenda katika ukanda wa saa wa mahali penyewe.

Kulijua kosa kama limo kwenye mfumo wako hakuhitaji mtaalamu mkubwa. Chukua masharti yaleyale ya ripoti unayoitilia shaka, lakini badala ya jumla moja omba idadi ya kila siku:

```sql
SELECT CAST(muda AS date) AS siku,
       COUNT(*), SUM(lita)
FROM mauzo
WHERE muda BETWEEN '2025-06-01' AND '2025-06-30'
GROUP BY CAST(muda AS date)
ORDER BY siku;
```

Kama siku 29 za kwanza zina mamia ya risiti na ya thelathini ina moja, au haimo kabisa, umeshapata jibu. Asiye na ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata ana njia nyingine kwa karatasi alizonazo. Ajumlishe ripoti 12 za mwezi na kuzilinganisha na ripoti moja ya mwaka kutoka mfumo huohuo. Ripoti za mwezi zilizoandikwa vibaya zimepoteza siku 12, moja kila mwezi, wakati ya mwaka imepoteza moja. Zikitofautiana kwa kiasi kinachofanana na mauzo ya siku 11, hakuna haja ya kumwita mkaguzi.

Si kila `BETWEEN` inastahili kuondolewa. Kwenye safuwima ya tarehe tupu, kama siku ya kuzaliwa au tarehe ya ankara isiyo na saa, iko sawa, na kwenye namba nzima vilevile. Inayopaswa kuondoka ni ile inayosimama mbele ya mhuri wa muda. Wewe unayetunza mfumo wa mtu mwingine, fungua leo maswali yote ya ripoti zako, tafuta neno hilo, na kila linapokutana na safuwima inayobeba saa andika `>=` na `<`. Ukimaliza, toa upya ripoti za miezi iliyopita na uwapelekee waliozitumia, hasa ambako kuna mtu aliyekatwa mshahara kwa sababu ya namba hizo.